Kuzima Redio, Kamera na Maikrofoni Kutoka Ndani ya Kompyuta: Somo kwa Ofisi Zinazopokea Maelezo ya Siri



Katika miji yetu ya mpakani, mtu mwenye jambo zito mara nyingi haanzii kituo cha polisi. Huanza kwa mwenyekiti wa LC I, kwa mama wa ofisi ya msaada wa kisheria, kwa kiongozi wa dini, au kwa katibu wa kamati ya polisi jamii. Huko huketi, hufunga mlango, na kusimulia: ni nani aliyevusha mifugo usiku, ni nani aliyemchukua binti kwa ahadi ya kazi ng'ambo, ni nani anayemtishia. Siku hizi maelezo hayo hayaandikwi daftarini tu. Huandikwa katika kompyuta iliyo wazi mezani, yenye jicho juu ya skrini na masikio mawili madogo pembeni mwa jicho hilo.

Somo hili lahusu jicho na masikio hayo, pamoja na redio zilizomo ndani ya kompyuta. Tutaeleza jinsi ya kuvizima mahali ambapo programu mbaya haivifikii kwa urahisi, jinsi ya kukifunga kitasa hicho kwa ufunguo, na jinsi ya kuhakikisha mwezi hadi mwezi kwamba bado kimefungwa.

Komeo la ndani halimzuii mwizi aliye ndani

Mwezi Mei 2014 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, pamoja na polisi wa nchi nyingine kadhaa, lilitangaza kukamatwa kwa watu zaidi ya 90 waliohusika na programu iliyoitwa Blackshades. Programu hiyo iliuzwa kwa dola 40 tu. Aliyeinunua aliweza kuipenyeza katika kompyuta ya mtu mwingine, kusoma kila herufi iliyopigwa, kufungua mafaili, na kuwasha kamera bila mwenye kompyuta kujua. FBI ilieleza kuwa zaidi ya kompyuta nusu milioni katika nchi zaidi ya 100 ziliambukizwa. Walioitumia hawakuwa majasusi wa dola kubwa. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida wenye dola 40.

Wengi wetu hujikinga kwa kuingia katika mipangilio ya Windows na kuizima kamera, au kwa kubofya alama ya waifai hadi ififie. Hilo si bure, lakini ni sawa na komeo lililo upande wa ndani wa mlango. Humzuia aliye nje, wala halimsumbui aliyekwisha kuingia. Programu iliyopata haki za msimamizi ndani ya Windows huweza kuinua komeo hilo kama vile wewe ulivyolishusha.

Taa ndogo iliyo kando ya kamera nayo si shahidi wa kutegemewa kila mahali. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba katika baadhi ya kompyuta za Apple zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2008, kamera iliweza kuwashwa huku taa yake ikibaki imezima. Kipande cha utepe juu ya kamera ni kinga njema na ya bei nafuu, nasi twakisifu. Lakini utepe huzuia jicho tu. Sauti ya shahidi hupita, na mara nyingi sauti ndiyo yenye siri.

Basi twahitaji kwenda chini zaidi. Kila kompyuta ina programu ndogo iliyokaa katika ubao mama, ambayo huamka kabla ya Windows. Kwenye skrini huitwa BIOS au UEFI. Katika somo hili tutaiita programu ya msingi. Kazi yake ni kuviamsha vifaa na kuukabidhi mfumo endeshi orodha ya vilivyopo. Programu ya msingi ikiambiwa kwamba kamera isiamshwe, Windows huamka bila kuiona kamera yoyote. Hakuna alama ya kubofya wala swichi ya kurudisha, kwa kuwa kwa upande wa Windows kifaa hicho hakipo.

Kisa cha ofisi moja

Tuchukue ofisi ya msaada wa kisheria iliyo mwendo mfupi kutoka kivuko cha mpaka. Ina kompyuta mbili. Moja ni ya barua pepe, ripoti za wafadhili na mambo ya kila siku. Ya pili, Lenovo ThinkPad, imetengwa kwa kazi moja tu, yaani kuandika na kuhifadhi maelezo ya walalamikaji na mashahidi. Twaichagua aina hii kwa sababu hupatikana sana katika ofisi zetu, mpya na mitumba, na kwa sababu menyu yake ina swichi zote tunazozihitaji. Katika kompyuta za kampuni nyingine swichi hizo hukaa chini ya majina mengine, na nyingine hazina swichi ya maikrofoni kabisa. Jambo hilo lichunguzwe kabla ya kununua.

Kabla ya kugusa chochote, ofisi ilifanya maandalizi mawili. Kwanza, ilihakikisha kwamba kazi itawezekana bila redio. Printa iliunganishwa kwa waya, na waya wa mtandao ukawekwa pembeni kwa ajili ya siku ya kusasisha Windows. Ofisi inayozima waifai bila kuandaa waya huirudisha kabla ya juma kwisha, na somo lote hupotea.

Pili, ilitafuta ufunguo wa kuokoa wa BitLocker. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, badiliko katika programu ya msingi laweza kuifanya Windows ishuku kwamba imeguswa, ikadai ufunguo wenye tarakimu 48 kabla ya kuamka. Asiye na ufunguo huo hujifungia nje ya mafaili yake mwenyewe. Ofisi iliuandika kwenye karatasi, ikausoma tena tarakimu kwa tarakimu, kisha ikaanza kazi.

Hatua za kuzima

Washa kompyuta upya kwa kuchagua Restart, si Shut down. Windows za siku hizi, zikizimwa kwa Shut down, mara nyingi hulala usingizi wa nusu, na kitufe cha kuingilia hukosa nafasi ya kusikika. Mara tu nembo ya kampuni inapotokea, bonyeza F1 mara kadhaa. Menyu ya programu ya msingi hufunguka.

Nenda kwenye Security, kisha I/O Port Access. Hapo utaona orodha ya milango ya kompyuta, kila mmoja na hali yake, Enabled au Disabled. Ofisi yetu iliweka Disabled mbele ya mistari mitano:

Wireless LAN, ambayo ndiyo kadi ya waifai;

Wireless WAN, kadi ya laini ya simu, ikiwa kompyuta inayo;

Bluetooth, redio ya masafa mafupi inayotumiwa na vipokea sauti, vipanya na simu;

Integrated Camera, kamera iliyojengwa juu ya skrini;

Microphone, maikrofoni za ndani pamoja na ile inayochomekwa katika tundu la sauti.

Mstari wa pili wastahili neno moja kwetu sisi wa mpakani. Minara ya simu haijui mipaka. Kompyuta yenye laini iliyokaa karibu na mpaka yaweza kushikwa na mnara wa ng'ambo, na mawasiliano yake yakapita katika mtandao wa nchi nyingine, chini ya sheria nyingine, bila aliyeketi mbele yake kuona tofauti. Waifai nayo ina tabia ya kukumbuka. Kompyuta iliyowahi kujiunga na mtandao usio na neno la siri katika hoteli fulani yaweza, ikiwa imepangwa kujiunga yenyewe, kujiunga na mtandao mwingine wowote uliojipa jina lile lile. Redio iliyozimwa chini kabisa haikumbuki chochote wala haiitiki.

Baada ya mistari hiyo, bonyeza F10 kuhifadhi na kutoka.

Kufunga kwa ufunguo

Hapa ndipo ofisi nyingi huishia, na hapa ndipo ofisi yetu ilipokosea. Siku ya kwanza walizima vyote vitano, wakafurahi, wakarudi kazini. Majuma matatu baadaye katibu alipofanya ukaguzi alikuta alama ya waifai imerejea. Hakukuwa na jasusi. Kijana aliyekuja kusaidia kupanga mafaili alitaka kufuatilia mchezo wa mpira. Alikuwa amemwona katibu akibonyeza F1, naye akabonyeza, akageuza Disabled kuwa Enabled, akahifadhi. Hakuulizwa neno la siri kwa kuwa halikuwepo.

Kijana huyo alifichua udhaifu mkubwa kuliko utovu wake wa nidhamu. Katika ThinkPad mipangilio ya programu ya msingi yaweza kubadilishwa hata kutoka ndani ya Windows, kwa amri, na mtu au programu yenye haki za msimamizi. Njia hiyo iliwekwa kwa nia njema, ili mafundi wa ofisi kubwa waweze kupanga kompyuta nyingi kwa pamoja. Lakini pasipo neno la siri la programu ya msingi, programu mbaya iliyokwisha kuingia ndani ya Windows yaweza kuitumia njia iyo hiyo kuirudisha kamera, kisha ikangoja kompyuta iwashwe upya. Bila neno la siri, basi, tumelishusha komeo chini zaidi, lakini bado liko upande wa ndani.

Ofisi ilirudi kwenye menyu na kufanya mambo manne.

La kwanza, chini ya Security, kisha Password, iliweka Supervisor Password. Hili si lile neno la kuingilia Windows, wala si Power-On Password inayoulizwa kila asubuhi. Ni neno la mwenye kubadilisha mipangilio. Lilichaguliwa kwa herufi na tarakimu za kawaida tu, kwa kuwa alama za pekee hukaa mahali tofauti katika kibodi za nchi tofauti, na wakati wa programu ya msingi kibodi yaweza kusomeka kinyume na ilivyochorwa.

La pili, katika ukurasa huo huo, iliweka Lock UEFI BIOS Settings kuwa Enabled. Watu wengi hudhani kwamba Supervisor Password peke yake yafunga kila kitu. Sivyo. Bila kufuli hili, asiye na neno la siri bado aweza kuingia na kubadili baadhi ya mambo. Likiwekwa, mipangilio haibadilishwi na asiyelijua neno hilo.

La tatu, katika UEFI BIOS Update Option, iliweka Flash BIOS Updating by End-Users kuwa Disabled. Maana yake ni kwamba programu ya msingi haiandikwi upya na mtu yeyote bila neno la siri la msimamizi. Na katika Startup iliweka Boot Order Lock kuwa Enabled, ili mpangilio wa vifaa vya kuwashia usigeuzwe na mpita njia.

La nne lilihusu mfuniko wa chini. Baadhi ya ThinkPad, chini ya Security kisha Internal Device Access, zina mpangilio uitwao Bottom Cover Tamper Detection. Ukiwa Enabled, na mfuniko ukafunguliwa, kompyuta hukataa kuamka hadi Supervisor Password iandikwe. Mpangilio huu haufanyi kazi ikiwa neno hilo halijawekwa. Kompyuta isiyo nao hupigwa muhuri wa kibandiko juu ya parafujo, chenye sahihi na tarehe, na kuandikwa katika daftari.

Sababu ya kuuangalia mfuniko ni hii: katika kompyuta nyingi, hasa zile za mezani, mtu akiufungua na kuitoa betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, au akisogeza kidaraja cha pini, mipangilio hurudi kama ilivyotoka kiwandani, na katika baadhi yake hata neno la siri hufutika. Katika ThinkPad neno la siri la msimamizi halifutiki kwa kuitoa betri hiyo. Hiyo ni nguvu yake, nayo ni hatari yake pia.

Neno la siri likipotea

Hatari yenyewe ni kwamba Supervisor Password ya ThinkPad ikisahauliwa, vituo vya huduma vya kampuni haviifuti. Ubao mama hubadilishwa kwa gharama ya mwenye kompyuta. Gharama hiyo kwa ofisi ndogo hukaribia bei ya kompyuta ya mtumba.

Kwa hiyo ofisi yetu iliandika neno hilo kwa mkono katika karatasi mbili. Kila moja ilitiwa ndani ya bahasha, bahasha ikafungwa kwa gundi, na watu wawili wakatia sahihi zao juu ya mkunjo. Bahasha moja ilihifadhiwa na mwenyekiti wa bodi katika sanduku lenye kufuli, nyingine ikawekwa nje ya jengo. Daftari lilionyesha tarehe, namba ya kompyuta iliyochongwa chini yake, na majina ya waliotia sahihi. Bahasha ikifunguliwa, sababu huandikwa, neno la siri hubadilishwa siku hiyo hiyo, na bahasha mpya hufungwa.

Anayeitumia kompyuta kila siku hapewi neno hilo. Kufanya hivyo si kumshuku. Ni kumkinga, kwa kuwa mtu asiyelijua neno hawezi kulazimishwa kulisema, wala hawezi kushutumiwa siku mipangilio itakapokutwa imebadilika.

Kujua kama bado imefungwa

Ukaguzi wa mara moja kwa mwezi hautazidi dakika kumi. Una sehemu mbili, ya ndani ya Windows na ya kabla ya Windows.

Kwa waifai, fungua dirisha la amri na uandike:

```
netsh wlan show interfaces
```

Jibu tunalolitaka ni hili:

```
There is no wireless interface on the system.
```

Angalia usidanganyike na jibu jingine, lile linalosema kwamba huduma ya `wlansvc` haifanyi kazi. Hilo halithibitishi kwamba kadi imezimwa. Lasema tu kwamba mhudumu wa Windows amelala. Mwamshe, kisha uulize tena.

Kwa kamera, fungua programu ya Camera ya Windows. Kompyuta isiyoona kamera hutoa ujumbe wenye namba `0xA00F4244` na maneno `NoCamerasAreAttached`. Skrini nyeusi peke yake si jibu, kwa sababu utepe nao hutoa skrini nyeusi.

Kwa maikrofoni, fungua mipangilio ya sauti na utazame sehemu ya Input. Isiwepo maikrofoni yoyote iliyoorodheshwa. Kuwepo kwa maikrofoni iliyonyamazishwa hakutoshi, kwa kuwa kilichonyamazishwa chaweza kunenwa tena.

Mwenye haki za msimamizi aweza pia kuiuliza programu ya msingi yenyewe, kwa amri hii ya PowerShell:

```
Get-CimInstance -Namespace root\wmi -ClassName Lenovo_BiosSetting |
 Where-Object CurrentSetting -match 'Wireless|Bluetooth|Camera|Microphone' |
 Select-Object CurrentSetting
```

Mistari itakayotokea husomeka kwa mfano `IntegratedCameraAccess,Disable` na `MicrophoneAccess,Disable`. Neno `Enable` likionekana mahali palipopaswa kuwa na `Disable`, kazi ya siri isimame hapo hapo hadi sababu ijulikane.

Hata hivyo, amri zote hizo hujibiwa na Windows, na Windows iliyoingiliwa yaweza kusema uongo. Ndiyo maana sehemu ya pili haikosekani. Washa upya, bonyeza F1, na uitazame orodha kwa macho. Kisha jaribu kuugeuza mstari mmoja bila kuandika neno la siri. Ukigoma, kufuli ni zima. Ukikubali, toka bila kuhifadhi, nawe umegundua jambo la kuripoti.

Kuna ishara moja zaidi. Mtu akikosea Supervisor Password zaidi ya mara tatu, ThinkPad huonyesha kosa namba `0199`, linaloeleza kuwa idadi ya kujaribu imepita. Mfanyakazi akiiona namba hiyo, nao wenye bahasha hawakuijaribu, basi mkono mwingine ulipita hapo. Na aandike tarehe na saa kabla ya kugusa chochote.

Mahali ambapo kufuli hili halifiki

Mwalimu asiyetaja mipaka ya dawa yake humdhuru mgonjwa. Tulichokizima ni vifaa vilivyojengwa ndani. Kamera ya kuchomeka, kipokea sauti chenye waya wa USB, au kijiti kidogo cha waifai, vyote huingia kwa mlango wa USB, na swichi tano tulizozizima hazivigusi. Orodha ile ile ya I/O Port Access ina mstari wa USB Port, lakini kuuzima huua pia kipanya, kibodi ya nje na printa ya waya. Ofisi yetu haikuuzima. Iliweka sheria kwamba hakuna kinachochomekwa isipokuwa printa, na katibu huitazama milango kila asubuhi kama mlinzi anavyotazama madirisha.

Vipokea sauti vya kawaida navyo vina siri yake. Kwa umbo, spika na maikrofoni ni ndugu, kwa maana zote zina utando unaotikisika. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion walionyesha kwamba programu yaweza kuligeuza tundu la kutolea sauti liwe la kupokelea, na vipokea sauti vilivyoachwa humo vikasikia mazungumzo ya chumbani. Kinga ni nyepesi, navyo ni vichomolewe kabla ya shahidi kuketi.

Ukarabati ni mlango mwingine. Ubao mama mpya huja na mipangilio ya kiwandani, kamera wazi na maikrofoni wazi, bila neno la siri. Kusasisha programu ya msingi nako kwaweza kurudisha baadhi ya mipangilio. Basi kila kompyuta inaporudi kutoka kwa fundi, au inaposasishwa, ukaguzi ule wa dakika kumi ufanywe kabla ya faili lolote kufunguliwa. Ikiwezekana fundi afanyie kazi mbele ya mwenye ofisi, na diski ibaki ofisini.

Mpaka wa mwisho ndio mkubwa kuliko yote. Ofisi yetu ilipomaliza, katibu alimwalika afande wa mahusiano ya jamii aione kazi. Afande alizitazama swichi zote, akaridhika, kisha akauliza kwa upole, "Mwenyekiti, na hizo simu tatu zilizo juu ya meza?" Kila simu ina kamera mbili au zaidi, maikrofoni, waifai, redio ya masafa mafupi na laini, nayo haina menyu ya F1. Tangu siku hiyo kuna kikapu nje ya mlango. Anayeingia huacha simu yake humo, mlalamikaji na mwandishi sawia, na mtu wa mapokezi hukilinda.

Sheria na dhamana

Nchini Uganda, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 humtaka anayekusanya na kuhifadhi taarifa za watu azilinde kwa hatua zinazofaa, za kiufundi na za kiutawala. Swichi za leo ni sehemu ya hatua za kiufundi. Bahasha, daftari na kikapu ni za kiutawala. Ukiwa na moja bila nyingine, umefunga mlango ukaacha dirisha.

Jambo moja na lieleweke vizuri. Kompyuta iliyofungwa namna hii haizuii polisi wala mahakama kupata ushahidi kwa njia ya sheria. Maelezo yamo ndani yake, kamili, na yaweza kutolewa kwa utaratibu. Kinachozuiwa ni sikio lisiloalikwa. Shahidi aliyevuka mto usiku kuja kusema anachokijua hana namna ya kuzijua swichi zetu. Hujua tu, miezi baadaye, kama jina lake lilimfikia yule aliyemtaja.

Maswali ya kujipima

1. Kamera imezimwa katika mipangilio ya Windows. Kwa nini programu mbaya yenye haki za msimamizi yaweza kuirudisha, nayo haiwezi kuirudisha ile iliyozimwa chini na kufungwa kwa Supervisor Password?

2. Ofisi imezima vifaa vyote vitano lakini haikuweka Lock UEFI BIOS Settings. Ni nini bado kinawezekana?

3. Umeandika amri ya kukagua waifai, ukajibiwa kwamba huduma ya `wlansvc` haifanyi kazi. Je, ukaguzi umepita? Utafanya nini?

4. Kompyuta imerudi kutoka kwa fundi ikiwa na ubao mama mpya. Taja mambo matatu ya kufanya kabla ya kufungua faili la mlalamikaji.

5. Ni nani katika ofisi yenu atakayezihifadhi bahasha mbili, na ni kwa nini asiwe mwandishi wa kila siku?